Friji ya tarehe 15

Tangazo la kadi ya mkopo likikuahidi siku 50 bila riba, usikimbilie kuhesabu siku 50 tangu ulipopitisha kadi kwenye mashine ya dukani. Benki ina tarehe zake mbili: ile ya kufunga taarifa ya mwezi, na ile ya mwisho ya kulipa deni lililoandikwa humo. Tuseme, kwa kadi moja ya Nairobi, taarifa hufungwa kila tarehe 15 na malipo hutakiwa kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Sasa wabuni mashemeji wawili wanaonunua friji za aina moja, kila moja shilingi 60,000. Wa kwanza, mtu wa kuwahi, ananunua Juni 15. Jioni taarifa inafungwa friji ikiwa ndani yake, na Julai 5 anadaiwa. Amepata siku 20. Wa pili alipitiwa na usingizi, akaenda dukani kesho yake. Friji yake inangoja taarifa ya Julai 15 na kulipwa Agosti 5, yaani siku 50 kamili. Sijui mfumo mwingine wa fedha unaompa mvivu zawadi ya mwezi mzima.

Mjanja atasema basi dawa ni kununua kila kitu tarehe 16. Kwa friji mpya ya kujionyesha, sawa. Ila kama ya zamani imekufa na kilo nne za nyama zimo ndani, siku ya kungoja ina bei yake. Tena ujanja huo una tundu: kwa kawaida taarifa hukusanya miamala iliyokwisha kuingizwa kwenye akaunti, na muamala huweza kuchukua siku moja au mbili tangu dukani hadi benki. Ndiyo maana taarifa nyingi huandika tarehe mbili kwa kila ununuzi. Shemeji wa kwanza angeweza kujikuta na siku zaidi ya 50 kwa uzembe wa karani tu, bila kustahili. Karibu na siku ya kufunga, basi, usijenge mpango juu ya saa chache.

Lakini kuchagua siku ni jambo dogo. Zito ni kwamba siku hizo hutolewa kwa sharti, na sharti lenyewe hupimwa mwishoni: ulipe salio lote la taarifa kufikia tarehe ya mwisho. Agosti 5 shemeji wa pili analipa 59,000, anabakiza 1,000, na moyo wake umetulia. Mikataba mingi ya kadi haimhesabii riba ya hiyo elfu moja peke yake. Hurudi nyuma hadi siku ya ununuzi na kutoza deni zima. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni kama shilingi 60 kwa siku juu ya 60,000, siku 50 zinazaa shilingi 3,000. Deni la elfu moja limezaa watoto watatu, kila mmoja akiwa na ukubwa wa mama yake. Zaidi ya hapo, manunuzi yake mapya huanza kula riba tangu siku ya kwanza, mpaka atakapolipa taarifa yote tena.

Atapinga kwamba huo ni uonevu, na hayuko peke yake. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2009 inayokataza benki kutoza riba ya kadi juu ya sehemu ya deni iliyolipwa ndani ya muda. Palipo na sheria ya namna hiyo, angetozwa kwa ile elfu moja tu. Pasipokuwa nayo, mkataba ndio sheria, na ameshautia sahihi. Atapinga pia kwamba taarifa yenyewe ilimwambia alipe 6,000 tu. Hicho ni kiwango cha chini: kinamkinga na faini ya kuchelewa na kuripotiwa kama mdaiwa sugu, lakini hakigusi riba hata kidogo. Na asijaribu kutoa pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi hiyo, kwani huko siku za bure kwa kawaida hazipo kabisa.

Kulipa kikamilifu, kwa upande mwingine, si kulipa kila kitu unachoona kwenye simu. Kinachotakiwa Agosti 5 ni salio la taarifa ya Julai 15. Viatu vya Julai 20 vinangoja zamu yao hadi Septemba 5. Pesa itumwe siku mbili tatu kabla, maana ikitoka benki nyingine yaweza kulala njiani. Anayeogopa kusahau hujaza fomu ya kukatwa moja kwa moja kila mwezi, yenye visanduku viwili: kiwango cha chini, au deni lote. Shemeji wa pili aliijaza akiwa nusu macho, akaweka alama kwenye kile cha kwanza.