Moyo Wenye Vyumba 206

Kila asubuhi natumia karibu saa moja na nusu ndani ya daladala, kutoka Gongo la Mboto hadi chuoni, nikitazama kisogo cha abiria wa mbele. Mtihani wa anatomia ulipokaribia, nikaona muda huo niusomee. Kwa simu haiwezekani: bando huisha njiani, na kushika simu dirishani mwa daladala ni kutoa sadaka. Nikaamua kuzichapisha slaidi za lekcha ziwe kadi ndogo za kupindua, mbele swali, nyuma jibu, nizifunge kwa mpira wa noti na kuzitia mfukoni.

Siku ya kwanza nilimpelekea kijana wa steshenari flashi yenye slaidi za mhadhiri kama zilivyo, nikamwambia azibane nane kwenye A4 moja. Alizibana kweli. Slaidi yenye upana wa sentimita 34 ikishushwa hadi kumi na kidogo, herufi ya 18 hubaki kama ya 5 na nusu. Juu ya hilo, mhadhiri wetu anapenda mandhari ya bluu iliyokoza, ikatoka nyeusi tii. Nilipokunja, wino ukabanduka kwenye mkunjo na kuhamia vidoleni. Nilishuka kituoni nikiwa nimesoma sifuri na mikono kama ya fundi gereji.

Usiku nikatengeneza slaidi zangu: mandhari nyeupe, herufi 32, ambazo zikishushwa hubaki kama 10, na swali moja kwa slaidi. Maswali nane upande mmoja wa karatasi, majibu nane upande wa pili, kwa mpangilio uleule. Kijana akachapisha pande mbili, nikakata, nikapanda gari nikijiona profesa.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Nikamwamkia, nikatoa kadi. Mbele: “Moyo wa binadamu una vyumba vingapi?” Nikapindua. Nyuma: “206.”

Mama alikuwa anasoma pamoja nami. Akatikisa kichwa polepole. “Mwanangu, hiyo ni kweli tupu. Huyo ni baba watoto wangu.”

Nikatoa kadi ya mifupa ya mtu mzima. Jibu: “4.” Konda aliyekuwa amening’inia mlangoni akasema mwenye mifupa minne alipe nauli nusu.

Kosa lilikuwa langu. Karatasi ikigeuzwa kwa ubavu wake mrefu, kushoto huwa kulia. Swali la kwanza, lililo juu kushoto, mgongoni hukutana na kilichochapwa juu kulia, yaani jibu la pili. Na la pili hupata la kwanza. Ningeinyanyua karatasi kwenye mwanga kabla ya kukata, ningeliona jibu la mifupa limelala juu ya moyo.

Kijana wa steshenari, ambaye sasa alikuwa ananiita “daktari” kwa sauti isiyo na heshima yoyote, ndiye aliyenifumbua macho. “Pande mbili za nini? Chapa upande mmoja, swali na jibu vikae ubavu kwa ubavu, halafu kunja katikati.” Karatasi ina upana wa sentimita 21. Ukiikata vipande vinne vya kulala na kukunja kila kimoja maandishi yakiwa nje, unapata kadi ya 10.5 kwa 7.4, nene kidogo, isiyopinda kwa upepo. Ukiipindua kama ukurasa wa kitabu, jibu limesimama wima.

Nikarudi nyumbani, nikapanga upya: swali, jibu, swali, jibu. Nikachapisha, nikakunja. Mbele: “Mifupa mingapi?” Nyuma: “Mbavu jozi ngapi?” Kadi iliyofuata: mbele 206, nyuma 12. Maswali yalikuwa yanaulizana yenyewe kwa yenyewe, majibu nayo yanajibizana. Kwenye dirisha la kuchapishia, `Page Order` ilisomeka `Vertical`, kwa hiyo slaidi zilishuka safuwima ya kushoto kwanza, nne, ndipo zikahamia kulia. Nikaweka `Pages per sheet: Custom`, 2 kwa 4, na `Page Order: Horizontal`. Safari hii nilichapa karatasi moja tu kwanza, nikaikunja bila kuikata na kusoma mstari wa juu. Swali kushoto, jibu lake kulia. Ndipo nikachapa zilizobaki.

Asubuhi yake nikamkuta mama wa dagaa kiti kilekile. Kabla sijamaliza shikamoo, akauliza habari za ule moyo. Nikampa kadi mpya aipindue mwenyewe. Akaisoma mbele, akaipindua, akaisoma tena.

“Vinne tu?” akashangaa. “Sasa hao wengine anawalaza wapi?”