Nyamaza Sekunde 20

Papa Profesa alipokubali kufundisha hesabu za duka kwa webina kutoka Lubumbashi, kazi ya kumwandikia maneno niliachiwa mimi. Niliandika kwa safu mbili: kushoto anachosema, kulia anachofanya. Lakini Papa Profesa ni mtu mwaminifu. Ukimwekea karatasi, ataisoma yote.

Basi baada ya swali la kwanza akatamka kwa sauti nzito: "Nyamaza sekunde 20." Kolwezi, Likasi na Kinshasa wakanyamaza. Punde mtu akaandika kwenye chati: "Poleni na musiba." Wengine wakafuata na maombi.

Kimya kile kilikuwa na sababu. Sauti huchelewa njiani, halafu msikilizaji anawaza, anatafuta chati kwenye simu, anachapa kwa kidole gumba. Webina iliyotangulia haikuandikiwa kimya. Papa Profesa aliuliza nani huandika mauzo kila jioni, akaona chati tupu, akarukia swali la pili: nani hutoa pesa ya duka akanywea bia? Hapo ndipo majibu ya swali la kwanza yalipoingia. Mama mmoja, mwenye duka lake na heshima zake kanisani, akaonekana ameandika: "Mimi, kila jioni!"

Tangu hapo kila swali linabeba namba yake, na jibu linaanza na namba hiyo: "1 ndiyo", "2 hapana". Hata likichelewa, linajulikana ni la wapi.

"Mnanisikia?" nimeifuta kabisa. Asiyesikia hawezi kusikia kwamba ameulizwa. Badala yake msaidizi anaandika kwenye chati: "Unasikia? Andika S. Husikii? Andika H." H zikiwa nyingi, tatizo liko kwetu; ikiwa moja, huyo atoke aingie tena. Nalo "Uko wapi?" limekuwa "Uko mji gani?", maana mtu aliandika "Kenya", akakaribishwa kwa shangwe kama mgeni wa Nairobi, kumbe yuko komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, nyuma ya soko.

Ukurasa wa mwisho ni wa umeme. Msaidizi wetu anakaa Likasi, ana slaidi zote, na amepewa uenyeji-mwenza kabla hatujaanza. Maandishi yanaonyesha mahali pa kupokelea: mwanzo wa kila slaidi, si katikati ya sentensi.

Umeme ulikatika kwenye slaidi ya madeni. Ruta ilizima, kompyuta ikabaki na betri, na Papa Profesa akaendelea, kwani sura yake bado ilikuwa inacheza kwenye kioo. Likasi walishapokea. Mimi nilikuwa nje nikihangaika na jenereta. Niliporudi nilimkuta amemaliza somo zima, anafuta miwani.

"Leo wametulia," akaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyenikatiza."