Kwa Mamlaka ya Maji ya Mji Wetu: Ninahama, Naomba Radhi kwa Usumbufu

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na maji yanatoka.

Ninahama mwisho wa mwezi. Najua ofisi yako hupenda kupewa muda wa kutosha wa kutojibu, ndiyo maana nakuandikia wiki nne kabla.

Wenzangu wakihama huanza na maboksi. Mimi wiki ya kwanza nimeanza na mita ya nyumba ninayohamia, kwa kuwa kwenu deni la maji halimfuati aliyeyaoga. Hubaki kwenye akaunti ya nyumba likimsubiri mpangaji ajaye. Kabla ya kulipa kodi nilimwomba mwenye nyumba hiyo ankara ya karibuni. Imeandikwa mita imefika 431. Nikainama kuisoma mwenyewe: 418. Uniti moja ni lita elfu moja, kwa hiyo nyumba tupu imeshakunywa lita 13,000 ambazo mita haijaziona. Msomaji wenu alikuta geti limefungwa, akakadiria. Jicho linaloona kupita ukuta si la kila mtu. Nimepiga picha ya mita, namba yake na tarakimu zikisomeka, na usomaji huo tumeuandika kwenye mkataba wa pango.

Wiki ya pili ni ya stoo na vitabu. Vitabu naviweka kwenye maboksi madogo, kwani boksi kubwa likijaa vitabu hupasuka kitako ngazini. Ya tatu ni sebule, kisha vyumba vya kulala, nikibakiza matandiko na nguo chache. Wiki hiyo pia naacha kujaza LUKU kwa wingi: tokeni ya mita hii haiingii kwenye mita nyingine, na sina undugu na mpangaji anayekuja.

Jiko linafungwa mwisho. Friji nalizima siku moja kabla ili barafu iyeyuke, linasafiri limesimama, na likifika linatulia saa kadhaa kabla ya kuwashwa, oili irudi kwenye kompresa. Madumu, ambayo kwa haki yangefungwa pamoja na stoo, yatapanda gari mwisho na kushuka kwanza. Hiyo ni heshima yangu kwako.

Ombi langu ni dogo. Siku ya kuhama, Jumamosi saa nne asubuhi, msomaji wako aje tusome pamoja na mwenye nyumba wangu wa sasa mita ninayoiacha, nilipe nilichotumia na ankara ya mwisho ifungwe kwa tarakimu hiyo. Geti halitafungika, litakuwa limezibwa na kabati. Miwani yake ikisahaulika, nitamsomea kwa sauti.

Na zile lita 13,000, mkizipata, zileteni siku hiyohiyo. Madumu yatakuwa bado hayajapakiwa.

Wako mtiifu,
Mpangaji mwenye akaunti mbili na bomba moja kavu