Alipatia Bei, Akakosa Pesa

Hasara inayouma kuliko zote ni ya mtu aliyebashiri sawasawa. Alisema Bitcoin itapanda, na kweli ikapanda, ila yeye hakuwepo. Saa tisa usiku bei ilishuka kidogo, kama inavyoshuka siku nyingi tu, akafilisiwa akiwa usingizini. Kulipokucha soko likaenda kule kule alikosema. Sasa ana haki zote za kujisifu na hana nauli ya kwenda kujisifia. Wengi katika hali hiyo huwalaumu matajiri wakubwa, eti walikesha wakiviwinda vijisenti vyao. Lakini masoko makubwa hufilisi kwa bei rejea, inayokokotolewa kutoka masoko kadhaa, ili mruko wa soko moja usimwondoe mtu. Wa kulaumiwa ni kidole kilichobonyeza 50x, kwa sababu ajali yenyewe ilikuwa inahesabika kabla haijatokea.

Katika dhamana iliyotengwa, hasara ya biashara moja hubebwa na pesa uliyoiwekea biashara hiyo tu. Salio lako lingine haliguswi. Soko nalo halingoji dhamana iishe kabisa. Hudai kibaki kiwango cha chini, tuseme 0.5% ya thamani ya biashara nzima, na kikifikiwa linafunga lenyewe. Kwa anayebashiri kupanda, makadirio ni haya:

```
bei ya kufilisiwa = bei ya kuingia × (1 − 1/leveraji + 0.005)
```

Ukiingia kwa dola 60,000 na leveraji ya 50, unafilisiwa kwenye 59,100, yaani bei ikishuka 1.5%. Kwa leveraji ya 10 ni 54,300, mshuko wa 9.5%. Ada hazimo humo, na malipo ya kushikilia biashara, ambayo masoko mengi hukata kila saa 8, yanaweza kuimega dhamana na kuusogeza ukuta wa kufilisiwa karibu zaidi.

Sasa tuulize Bitcoin hutikisika kiasi gani ikiwa haina hata habari ya kuitikisa. Tukichukua mtikisiko wa 50% kwa mwaka na kuugawa kwa kipeuo cha pili cha 365, ambacho ni kama 19, tunapata takriban 2.6% kwa siku. Mwenye nafasi ya 1.5% basi hahitaji msiba ili afilisike. Siku ya kawaida inamtosha. Na bei haihitaji kufunga siku ikiwa chini: ikigusa tu kwa dakika moja, kazi imekwisha. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na leveraji kubwa, pamoja na majigambo yake yote, ndiyo inayoikata kamba hiyo.

Kwa hiyo leveraji ichaguliwe mwisho. Kwanza tafuta bei itakayothibitisha kwamba umekosea. Tuseme ni 4% chini, nje ya kelele za siku. Weka hapo agizo la kukata hasara, kisha uutake ukuta wa kufilisiwa uwe mbali mara mbili, 8%. Ongeza ile 0.5%, gawa 1 kwa 0.085, unapata kama 11.8, chagua 10. Ukubwa wa biashara una hesabu yake. Mwenye dola 1,000 anayekubali kupoteza 20 atagawa 20 kwa 0.04 na kupata biashara ya dola 500, ambayo kwa leveraji ya 10 inadai dhamana ya dola 50.

Hapo mpenzi wa 50x ataruka: mbona mimi naweka dola 10 tu, na nikifilisiwa napoteza 10 badala ya 20? Ni kweli, na hiyo ndiyo faida halisi ya kutenga dhamana. Lakini bei ikipanda 5%, wote wawili wanapata dola 25, kwa kuwa faida hutokana na ukubwa wa biashara. Tofauti ni kwamba yeye anatolewa kwa 1.5%, akiwa bado hajakosea, huku agizo lake la 4% likibaki pambo. Akiingia mara tatu na kufilisiwa kila mara, ameshapoteza dola 30 na ada juu yake. Mwingine atasema ataongeza dhamana mambo yakiharibika. Anaweza, ila huko ni kupunguza leveraji kwa awamu, usiku, mikono ikitetemeka.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba hata 10 si kinga. Sahihi. Tarehe 19 Mei 2021 Bitcoin ilianguka kutoka karibu dola 43,000 hadi karibu 30,000 ndani ya siku moja. Hesabu ya mtikisiko wa kawaida haikuahidi kuvuka siku kama hiyo; kazi hiyo ni ya agizo la kukata hasara, na hata lenyewe linaweza kutekelezwa kwa bei mbaya zaidi. Kwa aliyenunua siku hiyo juu kabisa bila agizo, mwenye 2x alitoka jasho. Mwenye 5x alitoka sokoni.