Miaka 10 ya Kampuni, Miezi 6 ya Muuzaji

Hapa Goma tangazo la frigo lina mambo manne: picha, neno "mpya", bei ya dola na garanti. Matatu ya kwanza watu huyabishia bila huruma. Picha wanauliza kama ndiyo yenyewe, upya wanauchungulia kwenye mpira wa mlango, na bei wanaikata nusu hata kabla salamu hazijaisha. Garanti ndiyo haiguswi na mtu. Ikishatamkwa, mteja huinamisha kichwa kama aliyesikia "amina", kisha huanza kutafuta pesa.

Mama mdogo wangu anauza jusi na maji baridi Majengo. Tangazo lililomnasa lilipita WhatsApp: "Frigo inverta, mpya toka Dubai, dola 480, garanti miaka 10, kufikishwa bure." La kufikishwa lilikuwa kweli. Frigo ilipanda chukudu kule Birere, vijana wawili wakaisukuma juu ya mawe ya volkano, naye akatembea kando ameushika mlango usije ukafunguka mbele za watu. Mlangoni palibandikwa stika ya bluu yenye 10 kubwa kuliko jina la kampuni. Alikataza isibanduliwe. Mgeni alionyeshwa stika kwanza, jusi baadaye.

Mwezi wa nne, usiku mmoja, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, ukarudi tena. Kulipokucha taa ya ndani ya frigo ilikuwa inawaka vizuri sana, ikimulika jusi ya vuguvugu.

"Hakuna shida," akasema mama mdogo. "Bado miaka tisa na miezi minane."

Niliisoma ile stika kwa karibu. Chini ya 10 kulikuwa na herufi za kimo cha sisimizi: kwenye kompresa. Pembeni ya kompresa kulikuwa na kinyota, na kinyota kilitupeleka kwenye kikaratasi kilichokuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitabu cha maelekezo. Kikaratasi kilisema hivi: frigo nzima, mwaka 1; kompresa, miaka 10, tena kipuri tu. Ufundi, gesi na usafiri ni juu ya mteja. Uharibifu unaotokana na umeme kupanda na kushuka haumo. Garanti inafanya kazi katika nchi mashine ilikouzwa na wakala wa kampuni, yaani Falme za Kiarabu, na lazima kuwe na tarehe, namba ya mashine na muhuri wa wakala. Mahali pa muhuri palikuwa peupe kabisa.

Fundi alikuja akafungua sehemu ya nyuma, chini. Kompresa ya inverta ina pini tatu. Akapima pini mbili mbili, mara tatu, akapata vipimo vitatu vinavyolingana. Akapima kila pini na chuma cha kompresa, hakuna umeme unaovujia mwilini.

"Mama, furahi. Kompresa yako ni nzima kabisa."

Sijawahi kuona habari njema ikimhuzunisha mtu namna ile. Kilichoungua kilikuwa ubao wa elektroniki unaoiendesha kompresa: kapasita moja imevimba kichwa, na pembeni yake doa jeusi. Kompresa ya aina hii haichukui umeme wa ukutani moja kwa moja. Ubao ndio unaoupokea, unaugeuza, kisha unaamua kompresa izunguke haraka au polepole. Kwa hiyo umeme ukija kwa hasira, anayepigwa kwanza ni ubao, nao una garanti ya mwaka 1 tu, tena isiyotaka kusikia habari za umeme mbaya. Kompresa imefungiwa ndani ya chuma pamoja na mafuta yake, na haifi ovyo. Kampuni haikudanganya mtu. Iliahidi miaka 10 kwa kile inachokiamini, na ikaahidi hivyo kwa watu wa Dubai. Aliyeiondoa kompresa kwenye sentensi ni aliyeandika tangazo.

Tukaenda dukani.

"Mama, garanti iko," akasema muuzaji. "Miaka kumi. Lakini ni ya kampuni, siyo yangu."

"Na kampuni iko wapi?"

"Dubai."

"Na dola zangu, ziko Dubai nazo?"

Muuzaji akaanza kupangusa pasi ambazo hazikuwa na vumbi.

Hapo mama mdogo akatoa simu, akapandisha juu mno, akashuka, akapata ujumbe wa sauti wa siku aliyokuwa bado anasitasita kununua. Akauweka mezani mbele ya wateja wengine. Sauti ya muuzaji mwenyewe ikatoka, tamu kuliko ile tuliyokuwa tunaisikia: "Mama, usiogope. Mimi mwenyewe ninakupa miezi sita. Kikiharibika kitu chochote, uniletee, mimi ninatengeneza."

Hiyo ndiyo ilikuwa garanti yake, na ilikuwa na kila kilichokosekana kwenye stika. Ina mtu: mimi mwenyewe. Ina muda ambao haujaisha. Ina kitu: chochote, na ubao ni kitu. Ina kazi: ninatengeneza. Miaka 10 haikuwa na mtu wa kumshika shati hapa Goma. Miezi 6 ilikuwa na shati, na mwenye shati alikuwa mbele yetu.

Akajitetea: "Lakini hiyo ni makosa ya umeme, siyo ya mashine." Mtego huo unastahili kuangaliwa. Sharti la umeme liliandikwa na kampuni kwa ajili ya ahadi ya kampuni. Yeye kwenye ahadi yake hakulitia. Huwezi kuikana garanti ya kampuni kwamba si yako, kisha ukaiazima masharti.

"Yaya," akanigeukia mimi, "pale nilikuwa ninasema kwa niaba ya kampuni."

"Basi kampuni ina sauti yako," akajibu mama mdogo.

Ipo pia garanti ya tatu, ambayo haibandikwi mlangoni. Sheria ya mikataba ya Kongo, dekri ya tarehe 30 Julai 1888, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika hata kama yeye mwenyewe hakuzijua. Lakini ni lazima kasoro iwe ilikuwapo siku ya kuuziana. Ubao wetu ulifanya kazi miezi mitatu na zaidi, ukauawa na umeme wa usiku mmoja, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa. Tulibaki na ile sauti.

Mwishowe muuzaji aliagiza ubao kutoka Kampala kwa gharama yake. Mama mdogo akamlipa fundi, akanunua na stabilaiza. Wote wawili waliondoka wakinung'unika kwa kiasi kilekile, na hapo nikajua mapatano ni ya haki.

Kabla hatujatoka nilimwandikia muuzaji tangazo jipya, ahadi mbili kwenye mistari miwili. "Kampuni: kompresa miaka 10, kipuri tu, masharti kwenye kikaratasi, haidaiwi Goma. Mimi muuzaji: miezi 6 tangu tarehe ya risiti; kompresa na ubao; ninalipa kipuri na fundi; frigo iletwe dukani; bila stabilaiza sidaiwi." Akasoma, akakuna kichwa, akasema ni refu, litawafukuza wateja. Mama mdogo akamwambia yeye angenunua hata kwa dola 500, maana sasa angejua amenunua nini.

Kesho yake tangazo likapita tena WhatsApp. Mistari yote miwili ilikuwamo, neno kwa neno. Chini yake aliongeza wa tatu, wa kwake mwenyewe, kwa herufi kubwa: "AHADI ZA SAUTI HAZIHESABIWI." Mama mdogo aliupiga picha mstari huo, akaniambia ameuhifadhi kwa sababu huo nao hauna tarehe ya kuanza.