Droni Isiyosinzia

Katika picha za mauzo, droni bandia iliyoigizwa sura ya Mavic Air 2 ya kampuni ya DJI hujifichua kwa ukakamavu wake, kwani kamera hukaza macho mbele hata betri inapokuwa imechomolewa. Gimbali, yaani kishikizo chenye mota tatu kinachoikinga kamera na mtikisiko, hukosa nguvu droni ikizimwa, hivyo kifuniko kikitolewa, kichwa cha kamera halisi hulegea kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Bandia haisinzii kwa sababu haina mota ya kupumzisha: ile mikono inayoonekana ni plastiki ya kipande kimoja, na mshono wa kalibu huipitia moja kwa moja bila kujali kwamba sehemu hizo zilipaswa kuzunguka.

Lebo ya betri nayo husema kweli pale mchapaji aliposahau kudanganya. Betri halisi ina volti 11.55 na miliampea-saa 3,500, ambazo zikizidishwa huleta nishati ya takribani wati-saa 40. Bandia iliyoandikwa volti 3.7 na miliampea-saa 1,800 haifikishi hata wati-saa 7, ingawa tangazo huahidi safari ileile. Maandishi ya rimoti yaliyokaa kombo kando ya vitufe hayahitaji hesabu.

Muuzaji mjanja, bila shaka, huazima picha za droni halisi, na hapo mnunuzi hana budi kuomba picha mpya, droni ikiwa imezimwa na betri ikiwa pembeni, ombi ambalo aghalabu huikuta simu ya muuzaji imeishiwa chaji.