Taa Yenu Inanikonyeza: Barua ya Wazi kwa Kampuni ya Simu

Waheshimiwa wa Huduma kwa Wateja,

Natumaini mtandao wa huko ofisini haujambo. Wangu uko hoi: taa ya DSL kwenye modemu inakonyeza tangu vuli ianze, na kila nikipiga simu mhudumu ananisihi, kwa upole wa kutia huruma, niingize upya nywila.

Nywila ya nini, ndugu zangu? Taa hiyo ikikonyeza, modemu bado inaitafuta mitambo yenu ya kituoni. Jina la mteja, nywila, hata zile namba za VPI na VCI mnazonikaririsha, huanza kazi baada ya pande mbili kushikana. Hata nikiziandika kwa wino wa dhahabu, taa haitatulia.

Upande wangu nimeumaliza. Simu zote za nyumbani nimezichomoa pamoja na vichujio vyake, maana moja tu isiyo na kichujio huweza kuivuruga intaneti. Nimefungua soketi ya kwanza, pale waya unapoingilia kutoka nguzoni, nikakaza skrubu na kutenga waya wa vyumbani. Modemu ikabaki peke yake, na bado ikakonyeza. Nikachomeka simu ya kawaida: laini inachachatika kama mandazi kwenye mafuta. Siku ya jua modemu inashika, na ukurasa wake unasoma SNR Margin desibeli 9. Mvua ikianza inashuka hadi 3, kisha inakata. Nywila hailowi, waheshimiwa. Kiungio cha waya hulowa.

Na kiungio chenyewe nakijua. Kiko kwenye nguzo mbele ya geti langu, kimeviringishiwa rambo, mfuko uliopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Ndiyo maana naomba mkitangaze kuwa makumbusho. Wekeni uzio na kibanda cha tiketi. Wanafunzi waletwe kwa basi walione rambo halisi la bluu likiwa bado kazini, na ndani yake shaba iliyoota kutu ya kijani. Mwongozaji awaeleze kwamba fundi aliyelifunga alisema anarudi kesho. Siku za mvua kiingilio kipande, maana wageni watashuhudia maji yakiingia, nami nitasimama dirishani nimeinua modemu, waone taa inavyoitikia.

Bili yenu lakini haikonyezi. Inakuja tarehe ileile, ya mwezi mzima, huku malalamiko yangu mmeyafunga kwa neno "limetatuliwa" bila mtu kupanda nguzo. Huo ni wizi, na mnajua.

Samahani, nilipandisha sauti. Yaliyobaki ni madogo: badilisheni ule wimbo wa kusubirishia, niruhusuni nilipe bili kwa kukonyeza, na fundi akija aje na ngazi, siyo na fomu ya kuniuliza kama nimeridhika.

Ni mimi mteja wenu mtiifu,
ninayewaandikia kwa bando la kampuni nyingine.